Kalori Tunazokunywa
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Kolwezi)



Mwezi uliopita bamoja kati yetu walituuliza: "Tumepunguza bukari ya magaribi, lakini tumbo haliendi. Juu ya nini?" Basi leo tutahesabu pamoja, na tutaanza na sahani ya bukari yenyewe.

Mtu akipunguza gramu 80 za unga wa mahindi kwa siku, ameacha karibu kalori 290. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba karibu kalori 7,700. Kwa hesabu ya karatasi, akiendelea vile kila siku, kilo moja itatoka kwa siku kama 27. Mwilini inachelewa kidogo kuliko karatasi, maana mwili ukiwa mwepesi unatumia kidogo. Lakini njia ni hiyo.

Sasa mtu huyo, sababu ya njaa ya saa kumi, anaongeza chupa moja ya sukre ya nusu lita. Ndani mna gramu 50 za sukari na kidogo juu, karibu kalori 210. Ile 290 imebaki 80. Kwa 80 kwa siku, kilo moja itadai siku 96. Bukari amenyima tumbo kweli, lakini badala ya mwezi moja anangoja miezi tatu, na mbele ya hapo atakuwa ameshasema "rejimu ni uongo".

Kwa nini tumbo halikumwambia kwamba amekula? Hapo ndipo neno lenyewe. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Amerika, walipatia watu 15 kalori 450 za sukari kila siku kwa wiki nne: mara moja kwa pipi, mara ingine kwa soda. Wakati wa pipi, watu walipunguza chakula kingine bila kuambiwa. Wakati wa soda hawakupunguza, na uzito ukapanda. Kinywaji kinapita mbio, hakitafunwi, na njaa inabaki pale pale.

Ju ya machungwa ya kukamua haiponi hapa. Glasi moja inataka machungwa tatu hivi, na sukari yake inakaribia ile ya sukre. Machungwa yenyewe, mtu anakula moja ama mbili anatosheka.

Chai, tunaifichama sana. Kijiko cha kujaa kina gramu 5 za sukari, kalori 20. Vikombe vitatu vya vijiko vinne vinne ni kalori 240 kwa siku, na hakuna mtu anayesema "nimekula". Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Ukiacha yote kwa siku moja, utarudi tu.

Pombe ina hesabu yake. Gramu moja ya alkoli ina kalori 7, ya sukari 4. Chupa kubwa ya Simba ina karibu 300. Tena mwili hauna mahali pa kuweka alkoli, unaichoma kwanza, na mafuta yanangoja zamu. Mtu wa gramu 80 zetu, akikunywa chupa tatu siku ya posho, anarudisha 900 juu ya 2,030 alizoacha wiki nzima. Karibu nusu imekwenda, na hatujahesabu nyama ya kuchoma. Lutuku hatuwezi kuipimia, kila mpishi na nguvu yake. Munkoyo nayo ni mahindi, hata kabla ya mama kuongeza sukari.

Kuna bale wanaosema wanakunywa sukre kwa kuogopa maji. Hawasemi upuzi. Kuchemsha kunaua vidudu, hakutoi madini ya migodi. Kwa hiyo mtu atafute kwanza maji anayoyaaminia, ndipo aache chupa.

Na sio kila mtu apunguze. Mtoto, mama mwenye mimba, mtu aliyekonda ama wa kifua kikuu, hapana. Mwenye kutumia insulini, akianza kutetemeka na kutoa jasho, sukre hiyo ndiyo dawa yake ya saa ile. Na mtu anayekunywa lutuku kila siku asiache kwa ghafla. Anaweza kupata degedege. Aende kwanza kwa muganga wa hospitali.

Kupima: tumia utepe wa fundi cherehani kwenye kitovu, asubuhi, kila juma pili. Mzani wa siku tatu za kwanza unaonyesha zaidi maji.

Kwa mkutano wa mwezi ujao, wenye zamu ya kuandaa wataleta krati moja ya sukre badala ya tatu, na bidoni mbili za maji. Pesa inayobaki itaingia kesi ya wagonjwa, na wafadhili wataiona kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka.