Vidonge vitano na dawa ya tezi

Tuchukue mama anayemeza levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, pamoja na chuma, kalsiamu, zinki, vitamini D na E. Akizimeza zote mara moja, madini yanaishika dawa tumboni, haiingii damuni vizuri. Uchovu unarudi, na hajaruka hata kidonge.

Basi saa 12 asubuhi ameze dawa kwa maji, kabla ya kula. Madini yasubiri masaa manne. Saa 5, chuma, bila chai, maana chai inakizuia. Saa 8, kalsiamu na chakula. Saa 1 jioni, zinki na vitamini zote mbili, pamoja na sombe yenye mawese: D na E zinataka mafuta. Uchovu ukibaki, apeleke vidonge vyote kwa muuguzi avione.