Sukari ya Kahawia na Nyeupe: Tofauti Iko Wapi?

Mama mmoja aliniuliza kama sukari ya kahawia huongeza damu. Yeye alikuwa ameacha nyeupe, na ile ya kahawia anaizidisha kwa uji wa mtoto.

Tuanzie kiwandani. Maji ya miwa huchemshwa mpaka chembe za sukari zitokee, zikiwa zimezungukwa na molasi, ile tunayopatia ng'ombe. Molasi kidogo ikibaki juu ya chembe, sukari ni ya kahawia. Ikiondolewa yote, ni nyeupe. Viwanda vingine husafisha sukari kabisa, halafu huirudishia molasi. Njia ni mbili, lakini chakula ni kile kile.

Ni kweli molasi ina madini ya chuma yanayojenga damu. Lakini kijiko kimoja cha chai cha sukari ya kahawia kina kama miligramu 0.03 tu. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina karibu miligramu 4. Ukitaka kiasi hicho kwa sukari, utakula vijiko zaidi ya 100! Meno yataoza kabla damu haijaongezeka.

Basi nunua iliyo rahisi, tia kidogo, na pesa itakayobaki inunue maharagwe.