Fungu la Mkaguzi

Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria umezoea kushauri asilimia 5 hadi 10 ya ruzuku iende kwenye ufuatiliaji na tathmini. Wafadhili wengi hawako mbali na hapo.

Tuseme shirika lina mradi wa visima wa shilingi milioni 200. Asilimia 7 ni milioni 14: tano za utafiti wa awali, nne za safari za ufuatiliaji, tano za tathmini ya mwisho. Utafiti wa awali ndio husahaulika, kisha mtathmini hukosa cha kulinganisha.

Ukaguzi wa nje hukaa kwenye mstari wake wa bajeti, nje ya asilimia hizo, kwa bei iliyoulizwa kwa mkaguzi mwenyewe. Yeye huja vitabu vikishafungwa, wakati akaunti nyingi zimebaki tupu.