Mwenye Kinu wa Zamani Anaposhusha Bei
(Mada iliyosomwa katika semina ya wafanyabiashara, Lilongwe)



Mtu atokaye Dzaleka, kambi iliyomo wilayani Dowa na iliyopokea wakimbizi tangu mwaka 1994, akija Lilongwe kununua mashine ya kusagia mahindi, ile ambayo wenyeji wetu huiita chigayo, aghalabu huja na karatasi yenye hesabu nzuri mno. Amekwisha kuhesabu foleni ya akina mama mbele ya kinu cha jirani, akazijumlisha ndoo, kisha akajigawia nusu yake kana kwamba yule jirani atakaa kimya huku akinyang'anywa riziki. Nia yangu leo ni kulitazama kosa hilo peke yake.

Tuchukue mfano, tarakimu zake nimezibuni mwenyewe ili hesabu ionekane. Kinu kipya cha umeme, pamoja na kusimikwa, kimegharimu kwacha 9,000,000. Vinu vya zamani hutoza kwacha 1,000 kwa ndoo. Mgeni ataingia kwa 900, naye anatarajia ndoo 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Umeme na uchakavu wa nyundo na chekeche humla 400 kwa kila ndoo, na pango pamoja na mishahara ni 3,000,000 kwa mwaka, matumizi yasiyopungua hata asage ndoo moja tu. Basi kila mwaka hubakiwa na 6,000,000. Fedha ya miaka mitano ijayo, tukiishusha thamani kwa kadiri ya 30 kwa mia kila mwaka na kuondoa mtaji, huacha thamani halisi ya sasa ya kama 5,600,000. Mradi ni mwema.

Sasa jirani ateremshe bei hadi 800. Mgeni akishikilia 900 yake, wateja humkimbia. Tuseme hubakiwa na ndoo 25 kwa siku, na thamani ya mradi hugeuka kuwa hasara ya kama 7,200,000. Akifuata 800, hana tena unafuu wa kumvutia mtu, kwa hiyo ndoo huwa 45, na kila ndoo humpa faida ya 400 badala ya 500. Hasara hapo ni kama 3,200,000. Angalieni kwamba mapigo ni mawili, bei na wingi, ilhali wengi wakirekebisha karatasi zao hupunguza bei wakaziacha ndoo 60 palepale. Wala wasitumaini kwamba bei rahisi itaongeza ndoo za soko zima, kwani nyumba haili ugali mara mbili kwa sababu kusaga kumekuwa nafuu. Kinachohama ni wateja tu, isipokuwa wachache waliokuwa wakitwanga nyumbani.

Lakini je, hiyo 800 itadumu? Hapa ndipo hukumu yote ilipo. Ikidumu mwaka mmoja, mgeni akaifuata, kisha bei na ndoo zikarudi kama ilivyokusudiwa, bado ana thamani ya kama 2,800,000. Ikidumu miwili, kama 700,000. Ikifika mitatu, hasara ya kama 900,000. Mradi huu, basi, ni bahati nasibu juu ya pumzi ya jirani, na pumzi hiyo hupimika. Mashine yake alikwisha kuilipia zamani, hivyo gharama ya kuinunua haimzuii kushusha bei. Kinachomzuia ni kile anachokitoa kwa kila ndoo. Kaa karibu na injini yake asubuhi mbili tatu, uyaone madumu ya dizeli yanayoingia na ndoo zinazotoka. Ikiwa mafuta na vipuri humla 700 kwa ndoo, 800 humwachia 100 tu, nayo haitoshi kumlipa msagaji. Huyo anatishia tu. Ikiwa naye ni wa umeme, mwenye gharama kama yako, anaweza kukaa hapo mpaka mtaji wako uishe. Na umeme wa Escom ukikatika, mwenye dizeli husaga nawe ukatazama, kwa hiyo ndoo 60 zenyewe zipunguzwe kabla ya kusema habari ya ushindani.

Makampuni makubwa nayo hayakusalimika. Nchini Kenya, kampuni ya simu iliyojulikana kwa jina la yu iliingia mwishoni mwa 2008 kwa bei nafuu, na mwaka 2010 ikakuta vita vya bei ambavyo Zain ilianzisha kwa kushuka hadi shilingi 3 kwa dakika, Safaricom nayo ikashuka. Mwaka 2014 yu iliacha soko, wateja wake wakaenda Airtel na mitambo yake ikaenda Safaricom. Wateja ilikuwa nao. Dakika walizonunua hazikulipa minara.

Kwa Dzaleka, ningemshauri mwenye karatasi aandike safu tatu, yaani jirani akae kimya, ashuke mwaka mmoja, au ashuke bila kurudi, na kila safu aipe uzito kwa kadiri ya alichokiona kwenye yale madumu. Uzito wa safu ya tatu ukizidi theluthi hivi, ningeuliza kwanza kama kuna sehemu ya kambi isiyo na kinu karibu, ambako mwanamke aliyejitwika ndoo kichwani hatatembea nusu saa zaidi kwa ajili ya kwacha 100.