Kadi ya Kununulia Mtandaoni

Msikilizaji, mwaka 2018 wezi walipenyeza mistari michache ya programu kwenye tovuti ya shirika la ndege la British Airways. Mteja akiandika namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, akabonyeza kulipa, nakala ilikwenda kwa wezi. Tiketi ilitoka kama kawaida, kwa hiyo hakushtuka.

Sasa chukua kadi ya mtandaoni, ile isiyo na plastiki, unayoifungua kwenye programu ya benki au ya pesa za simu. Ina namba yake yenyewe. Viatu ni shilingi 60,000? Weka 62,000 tu, lipa, kisha ifunge kwa muda. Mwizi akiijaribu, malipo yanakataliwa, na mara nyingi unapata ujumbe wa ununuzi usioujua. Hapo ifute. Akaunti ya mshahara haijaguswa, wala huna haja ya kubadilisha kadi yako ya plastiki.

Ila, tafadhali, usiifute kabla mzigo haujafika. Ukirudishiwa fedha, kwa kawaida hupitia namba ileile. Na jina, simu na anwani ulizoandika dukani, kadi hii haizifichi.