Kadi ya Chama na Kiti cha Bungeni

Tarehe 2 Desemba 2017 Maulid Mtulia, mbunge wa Kinondoni kwa tiketi ya CUF, alitangaza kujiuzulu ubunge na kuhamia CCM. Kiti kikawa wazi, kama Katiba inavyotaka. Tume ya Uchaguzi ikapanga uchaguzi mdogo, CCM ikamteua mgombea wake, na mgombea huyo akawa Mtulia mwenyewe. Tarehe 17 Februari 2018 wananchi wa Kinondoni waliitwa tena vituoni kumchagua, au kumkataa, mtu yule yule waliyekuwa wamempeleka Dodoma miaka miwili na ushei kabla. Waliojitokeza walikuwa wachache sana kuliko mwaka 2015. Alishinda. Siku hiyo hiyo kule Siha, mkoani Kilimanjaro, Godwin Mollel aliyekuwa wa CHADEMA naye alirudi bungeni kwa tiketi ya CCM.

Kisheria hakuna kilichokwenda kombo. Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania inasema kwamba mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa hupoteza ubunge wake. Adhabu ilitolewa, kiti kikatwaliwa. Kisha mwenye kuadhibiwa akakabidhiwa tena kile kile alichonyang'anywa baada ya miezi miwili na nusu, na gharama zote za uchaguzi zikabebwa na Hazina, yaani na walipa kodi wa chama chochote na wasio na chama.

Kwa hiyo swali la kuanzia si kama wanasiasa wana haki ya kubadili mawazo. Haki hiyo wanayo. La kuuliza ni hili: kanuni inayomfunga mbunge kwenye chama chake inamlinda nani hasa?

Jibu la kawaida ni kwamba inamlinda mpigakura. Mwananchi alichagua mtu pamoja na chama na ilani yake, na anayehama hubeba kura ambazo si zake peke yake. Hoja hii ina uzito, na mhadhara huu hauipuuzi. Lakini historia ya kanuni yenyewe hapa Tanzania inaonyesha kwamba ilikuwapo kabla ya kuwapo chama kingine cha kuhamia. Mwaka 1965 nchi iliingia katika mfumo wa chama kimoja, na ubunge ukategemea uanachama wa TANU upande wa Bara. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza wabunge 7, akiwamo Oscar Kambona aliyekuwa tayari uhamishoni, na pamoja na kadi wakapoteza viti. Hakuna aliyekuwa amehama. Baadhi yao makosa yao yalikuwa kuikosoa serikali na chama mle mle bungeni. Wapigakura wao hawakuulizwa neno.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kamba hiyo haikukatwa. Mgombea alitakiwa awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na akishachaguliwa abaki mwanachama wa chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo la mgombea binafsi kuanzia mahakama za ndani mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Mwezi Juni 2013 mahakama hiyo ilitamka kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka haki ya raia kushiriki katika uendeshaji wa nchi yake kwa kumlazimisha apitie chama. Kesi ile ilihusu mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea umefungwa na kufuli hilo hilo, na ufunguo wake unashikwa na watu wawili: uongozi wa chama, unaoweza kumvua mtu uanachama, na Spika, anayepokea barua ya chama na kuamua kama kiti ki wazi.

Namna ufunguo huo unavyotumika inaonekana wazi mtu akiyaweka pamoja matukio mawili yaliyopishana kwa miaka mitatu.

La kwanza ni la CUF. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka uliofuata akasema ametengua uamuzi wake na anarudi kwenye kiti. Upande wa Katibu Mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, ulikataa. Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua Lipumba. Chama kikawa na mapande mawili, kila moja likidai ndilo CUF. Julai 2017 upande wa Lipumba ukatangaza kuwavua uanachama wabunge 8 wa viti maalumu waliokuwa upande wa Maalim Seif. Barua ikafika kwa Spika Job Ndugai. Naye akakubali kwamba viti vile vi wazi, na punde Tume ya Uchaguzi ikateua wanawake wengine 8 kushika nafasi hizo. Mgogoro wa nani ana mamlaka ndani ya chama ulikuwa bado unaunguruma mahakamani, lakini bungeni ulikuwa umekwisha.

La pili ni la CHADEMA. Katika uchaguzi wa 2020 chama hicho kilipata jimbo moja tu, ila kura zake zilikipa haki ya viti maalumu 19. Tarehe 24 Novemba wanawake 19 wakiongozwa na Halima Mdee waliapishwa na Spika huyo huyo, Ndugai, jijini Dodoma. Uongozi wa chama ukasema haukupeleka orodha yoyote. Tarehe 27 Novemba Kamati Kuu ikawavua uanachama wote. Kama mtu angefuata mfano wa 2017, viti vilipaswa kuwa wazi ndani ya siku chache. Safari hii Spika hakuviona hivyo. Wanawake wale walikata rufaa ndani ya chama, rufaa ikakaa, na Mei 2022 Baraza Kuu likaikataa. Wakaenda Mahakama Kuu. Spika mpya, Tulia Ackson, akasema Bunge litasubiri mahakama. Desemba 2023 mahakama ikautengua uamuzi wa Baraza Kuu, kwa kuwa wajumbe wa Kamati Kuu waliowahukumu mara ya kwanza walishiriki pia kuisikiliza rufaa yao. Wabunge wale walibaki bungeni mpaka Bunge likamaliza muda wake mwaka 2025, wakihesabiwa kuwa wa chama ambacho kwa miaka karibu mitano kilikuwa kikisema si wake.

Inawezekana kabisa kumtetea Spika katika kila tukio likichukuliwa peke yake. Barua ya kwanza ilitoka kwa mwenyekiti anayetambuliwa na Msajili. Ya pili ilihusu watu waliokuwa bado na rufaa. Na sababu ya mahakama, kwamba mtu asiwe hakimu wa rufaa dhidi ya hukumu yake mwenyewe, ni haki ya asili isiyohitaji mjadala. Linalotia shaka ni kwamba Katiba ile ile ilikata haraka pale ambapo ukataji ulilifaa pande lililotambuliwa na dola, na ikasubiri miaka pale ambapo kusubiri kulikiumiza chama kikuu cha upinzani. Kanuni inayoacha nafasi pana namna hiyo hugeuka kuwa mamlaka ya aliyekalia kiti cha juu, awe na nia njema au mbaya.

Upande wa wanaohama kwa hiari nao una hesabu zake. Kati ya mwishoni mwa 2017 na 2019 wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine, wengi wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli. Mwita Waitara wa Ukonga alijiuzulu Julai 2018, akashinda uchaguzi mdogo wa Septemba akiwa CCM, na Novemba akateuliwa naibu waziri. Abdallah Mtolea wa Temeke hakuhitaji hata kupigiwa kura: alipita bila kupingwa. Kwa anayehamia chama tawala, basi, adhabu ya ibara ya 71 ilikuwa likizo fupi. Lazaro Nyalandu, aliyetoka CCM kwenda CHADEMA Oktoba 2017, aliliacha jimbo la Singida Kaskazini, na katika uchaguzi mdogo wa Januari 2018 likabaki la CCM. Sheria ni moja. Bei inatofautiana kwa kutegemea mtu anaelekea wapi.

Je, dawa ni kuruhusu tu? Afrika Kusini ilijaribu. Kule wabunge walikuwa wakichaguliwa kwa orodha za vyama, na kuanzia 2003 sheria ilifungua madirisha mafupi ambamo mbunge angeweza kuhama na kiti chake. Sharti lilikuwa kwamba wanaoondoka wafikie asilimia 10 ya wabunge wa chama chao. Kwa sura, sharti hilo linawahusu wote sawa. Lakini chama chenye wabunge 5 kilikuwa kinaweza kumpoteza mmoja siku yoyote ya dirisha, kwani mmoja ni asilimia 20. ANC, iliyoshinda viti 266 mwaka 1999, isingeweza kupoteza mtu mpaka 27 waondoke pamoja. Mwaka 2003 wahamaji walikifikisha chama hicho viti 275 kati ya 400, zaidi ya theluthi mbili, bila raia hata mmoja kupiga kura. Mwaka 2009 utaratibu ukafutwa.

Njia yenye manufaa zaidi kwa Tanzania iko jirani. Aprili 2013 NRM ya Uganda iliwafukuza wabunge 4, Theodore Ssekikubo akiwa mmoja wao, kwa utovu wa nidhamu. Mahakama ya Katiba ikawaamuru watoke bungeni. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikaipindua amri hiyo: Katiba ya Uganda humwondoa mbunge anayekiacha chama chake, na aliyefukuzwa hakukiacha. Kutoka kwake chamani hakukuwa uamuzi wake. Chama kina haki ya kuchukua kadi yake. Kiti kina wenyewe, nao ni watu wa jimbo.

Kanuni hiyo ingewafaa wabunge wa majimbo mara moja. Ikiongezwa kifungu kwamba aliyejiuzulu ili kuhama hawezi kugombea tena mpaka uchaguzi mkuu ujao, safari ya Kinondoni ya 2018 isingekuwa na faida kwa mtu.

Viti maalumu ndivyo vigumu. Mbunge wa orodha hana jimbo la kumsimamia, na chama kikinyimwa kabisa uwezo wa kumwondoa, mtu anaweza kubaki na kiti ambacho hakuna mpigakura aliyempa yeye binafsi. Chama kikiachiwa uwezo huo bila kizuizi, wanawake wote walioingia bungeni kwa njia hiyo watasema yale tu ambayo mwenyekiti anataka kuyasikia. Hapa ubunge ungepaswa kukoma kwa uamuzi wa mahakama tu, usiotegemea hiari ya Spika, wenye siku za mwisho zilizotajwa katika sheria, na baada ya rufaa ya ndani kusikilizwa na watu ambao hawakukaa katika kikao cha kwanza. Mahakama Kuu ilikwisha kulisema hilo la mwisho mwaka 2023; hilo la siku za mwisho ni kazi ya Bunge lenyewe.