Mesaji imefutwa, majibu yamebaki

Wandugu, munajua ile alama kwenye WhatsApp: «Ce message a été supprimé». Asubuhi unafungua simu, mesaji ya mutunza sanduku haiko tena, lakini chini yake watu wanaandika «nimetuma», «sawa mama». Na wewe unataka kutuma mchango wa matanga.

Usitume kwanza. Soma yale majibu pole pole. Mutu akijibu kwa kuvuta mesaji, kipande cha maneno yake kinabaki ndani ya jibu, hata kama yenyewe imefutwa. Hapo ndipo hatari iko. Pengine ilifutwa juu namba ya M-Pesa ilikosewa, na ile namba mbaya ndiyo munaendelea kuona. Ukiikopi, franga zinaenda kwa mutu hatumujui.

Alama inabaki na jina la aliyetuma na saa. Umupigie, usikie sauti yake, akusomee namba. Kisha andika mbele ya wote: «Mesaji ya mutunza sanduku ya 6:40 imefutwa. Nimemupigia, namba ile haiko yenyewe, anatuma ingine. Waliokwisha kutuma wamwambie.» Hao wapigie huduma ya mtandao wao mara moja, kabla yule mwingine hajatoa franga.

Ile ya kuuliza «unatuficha nini?» tuiache. Wengine wanafuta juu ya herufi moja tu. Na kama ni msimamizi wa kikundi ndiye alifuta, alama yenyewe inasema. Basi muulize yeye.